Kabla ya Kuamini Tovuti Inayosema Kompyuta Yako Inaiweza Gemu

Usilipie gemu kwa sababu tu tovuti imekuonyesha alama ya kijani. Tovuti hiyo haikuijaribu gemu kwenye mashine yako. Imesoma majina ya prosesa na kadi ya grafiki, ukubwa wa RAM na toleo la Windows, ikavilinganisha na mahitaji yaliyotangazwa na waundaji.

Kwa RAM na toleo la Windows, jibu lake kwa kawaida linategemeka. Diski ikague mwenyewe: nafasi ipo, na je, gemu inadai SSD? Cyberpunk 2077 inaidai tangu toleo la 2.0.

Panapoumiza watu ni jina la kadi, hasa kwenye laptopu. Chukua GeForce RTX 3050. Ile ya kwanza ya kompyuta ya mezani ina kumbukumbu ya GB 8 na hula umeme hadi wati 130. Ya laptopu ilianza na GB 4, na aliyeunda laptopu ndiye huamua aipe wati ngapi, kati ya 35 na 80. Sasa gemu imeandikiwa "RTX 3050 8GB", tovuti inaona "RTX 3050" kwenye laptopu yako, inakupitisha. Unaingia mchezoni, dakika za mwanzo shwari, halafu kila ukigeuza kamera picha inakwama, kuta zinabaki na ukungu. Hapo kumbukumbu ya kadi imejaa, na data inachotwa kutoka RAM ya kawaida, ambayo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Kushusha ubora wa "Textures" husaidia. Kuongeza RAM hakuiongezei kadi hiyo kumbukumbu yake.

Kwa hiyo fungua Task Manager, nenda Performance, bofya GPU, usome "Dedicated GPU memory". Kisha fungua NVIDIA Control Panel, sehemu ya System Information, utafute kiwango cha juu cha wati. Namba hizo mbili zina uzito kuliko jina.

Kosa hutokea upande wa pili pia. Laptopu yenye kadi mbili inaweza kusomwa ile dhaifu ya Intel pekee, ukaambiwa umefeli bure. Angalia kadi iliyotajwa kwenye matokeo kabla hujakata tamaa.

Halafu soma mahitaji ya chini ya gemu, yaani "Minimum", kwa makini. Waundaji wengine hueleza kuwa ni fremu 30 kwa sekunde kwenye ubora wa chini, wengine hawasemi lolote. Ukitaka fremu 60, tafuta video ya mtu mwenye kadi yenye wati na kumbukumbu kama zako. Ukinunua Steam, ombi la kurudishiwa pesa hukubaliwa ndani ya siku 14 ikiwa hujafikisha saa 2 za kucheza, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye eneo zito. Muda ambao gemu inaandaa "shaders", yaani programu ndogo za kuchora picha, baada ya kufunguka nao huhesabiwa.