Damu katika mimba changa: usubiri asubuhi au uondoke sasa hivi?

Mimi ni mkunga, na simu za usiku nyingi huanza hivi: "Dada, nimeona damu kidogo." Hapo namwuliza maswali haya, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Una wiki ngapi? Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, si siku uliyopima mkojo. Ninayoeleza hapa ni ya wiki 12 za kwanza.

Hatua ya 2: Vaa pedi, uitazame. Usiingize kitu chochote ukeni. Matone machache, mekundu au ya rangi ya kahawa, bila maumivu, ni jambo la kawaida. Karibu mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu kipindi hiki, na wengi wao mimba huendelea vizuri. Wengine huyaona baada ya tendo la ndoa, maana mlango wa kizazi huwa laini. Subiri kukuche, kisha uende kliniki.

Ukilowesha pedi mbili ndani ya saa moja, na saa inayofuata ikawa vilevile, usisubiri. Homa au uchafu wenye harufu mbaya pia ni safari ya usiku huohuo.

Hatua ya 3: Maumivu yako wapi? Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanapima hatari kwa wingi wa damu kwenye pedi. Mama mmoja wa wiki saba alikuja na matone ya kahawa tu. Alilalamikia bega la kulia, akadhani ni ndoo ya maji aliyobeba. Aliposimama kwenda chooni akaanguka. Mapigo yalikuwa 124, presha 80 kwa 50. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, mrija umepasuka, na damu inamwagikia tumboni badala ya kutoka nje. Damu hiyo huchokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hutokea shingoni pamoja na ya bega. Ndiyo maana bega likauma. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule, akapona.

Basi maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au bega kuuma, au kizunguzungu, hata kama pedi ni safi: nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Usiende peke yako. Usile wala kunywa njiani, huenda ukahitaji kulazwa usingizi.

Hatua ya 4: Ultrasaundi ikisema kizazi ni kitupu. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa neno "hakuna kitu" wakati kipimo cha mimba kinasoma ndiyo. Huenda mimba ni changa mno kuonekana, huenda imeshatoka, au iko nje ya kizazi. Uliza kipimo cha damu cha homoni ya mimba, kirudiwe baada ya saa 48, na maumivu yakianza kabla ya hapo, rudi bila kungoja tarehe.