Zeituni Bichi Mtini: Inalika, Ila Hutaimeza

Anayepanda mzeituni kwa mara ya kwanza karibu lazima afanye jambo hili: tunda likishajaa, analichuma, analifuta kwenye shati na kuling'ata. Nami nilifanya hivyo. Kwa nukta moja hivi husikii kitu, ni nyama ngumu tu yenye maji kidogo. Kisha uchungu unapanda kama shubiri, ulimi unakauka, mashavu yanajikunja kwa ukakasi, na hata ukitema na kusukutua bado ladha imekaa kooni. Unaanza kujiuliza kama mti huo si wa zeituni zile ulizokula mezani, au kama umelishwa sumu.

Mti ni ule ule, na sumu hakuna. Zeituni bichi haidhuru mtu aliyeing'ata au hata kumeza moja. Ndege huzimeza nzima nzima zikiiva na kuruka zao, maana wao hawatafuni. Kwa hiyo swali la kama inalika lina jibu jepesi: inalika, lakini mdomo hautakubali. Swali la maana kwa mkulima ni uchungu huo umejificha wapi ndani ya tunda, kwa sababu ukijua ulipo utajua pia namna ya kuutoa bila kuharibu nyama.

Uchungu huo unatokana hasa na kitu kimoja kiitwacho oleuropeini. Kimo ndani ya nyama ya tunda, kimo pia kwenye majani, na ni silaha ya mti dhidi ya wadudu na vimelea. Tunda changa linacho kwa wingi mno. Kadiri linavyokomaa, likitoka kijani kwenda njano, zambarau na hatimaye jeusi, kinapungua. Lakini kupungua si kwisha. Ndiyo maana anayengoja zeituni iive ikawe tamu kama embe atangoja bure. Nyeusi ya mtini imepungua uchungu ukilinganisha na ya kijani, basi, na bado haifai kuwekwa mezani.

Kuna zinazotoka nje ya kanuni hii. Katika rasi ya Karaburun, karibu na mji wa Izmir nchini Uturuki, kuna zeituni ziitwazo hurma ambazo hupoteza uchungu zikiwa bado mtini na huliwa zilivyo. Huko hali ya hewa ya pwani na vijidudu vinavyoota juu ya tunda hufanya kazi ambayo wengine tunaifanya kwa ndoo na chumvi. Ukiwa na mti wa kawaida mahali pa kawaida, usitegemee muujiza huo.

Sasa tazama tunda lenyewe. Oleuropeini inayeyuka katika maji, wala haiyeyuki vizuri katika mafuta. Ndiyo maana zeituni chungu inaweza kukamuliwa mafuta yasiyo machungu kupita kiasi: sehemu kubwa ya uchungu inabaki kwenye maji na makapi. Ikiwa basi inayeyuka katika maji, kwa nini ukilowesha zeituni nzima wiki moja zinatoka chungu vile vile? Ni kwa sababu ya ganda. Zeituni ina ngozi nyororo yenye nta, na maji yanapita hapo kwa taabu sana. Zeituni nzima ndani ya maji ya chumvi huhitaji miezi kadhaa kulainika ladha. Ukiipasua, kazi hiyo hiyo inakwisha kwa siku chache. Ufundi mwingi wa kutengeneza zeituni ni kuamua tu utalishindaje hilo ganda.

Viwandani hutumia kostiki soda, ambayo hupenya ngozi na kuivunja oleuropeini vipande vipande kwa saa chache. Ni njia ya haraka, lakini kostiki huunguza ngozi ya mtu na kupofusha macho, na ikipimwa vibaya inageuza nyama kuwa uji. Kwa mtu mwenye miti miwili mitatu siipendekezi kabisa. Njia ya maji na kupasua inatosha, haihitaji kemikali, na ukikosea unaona mapema.

Tuchukue kilo 3 za zeituni za kijani. Chuma zikiwa zimejaa, rangi ya kijani inayoanza kuelekea njano. Minya moja kwa vidole: ikitoa utomvu mweupe kama maziwa, wakati wake umefika, ikitoa maji maangavu au isitoe kitu, ngoja. Chuma kwa mkono, usipige matawi kwa fimbo, maana kila palipogongwa panageuka kahawia na kulainika. Ukirudi nyumbani chambua. Yenye tundu dogo au doa lililobonyea huenda ina funza ndani, na funza mmoja ataacha ladha mbaya kwenye ndoo nzima.

Weka ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula pembeni, yenye maji baridi kiasi cha lita 3. Usitumie sufuria ya alumini. Shika zeituni moja juu ya ubao, igonge kwa jiwe bapa au nyundo ya mti, pigo moja tu, nyama ipasuke na kokwa lisivunjike. Itupie majini hapo hapo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapasua kilo nzima kwanza, wanaiacha kwenye sinia, kisha wanashangaa zimekuwa nyeusi nyeusi. Nyama ya zeituni iliyopasuliwa ikikaa kwenye hewa inabadilika rangi kwa dakika chache, kama tufaha lililokatwa. Asiyetaka kugonga anaweza kuchanja kwa kisu mara mbili au tatu hadi kwenye kokwa. Zitapendeza zaidi kwa sura, lakini zitachukua siku zaidi.

Zikishaingia zote, weka sahani juu yake zizame kabisa, funika kwa kitambaa safi, na weka ndoo mahali penye baridi na kivuli. Kesho yake mwaga maji yote na utie mapya. Maji ya siku ya kwanza yatakuwa na rangi ya chai hafifu na ukungu ukungu. Onja tone moja utaelewa yamebeba nini. Endelea hivyo kila siku bila kuruka. Ukiruka siku moja, maji yaliyokwisha kushiba uchungu hayavuti tena, na zaidi ya hapo yanaanza kuchacha.

Kuanzia siku ya sita onja. Usionje ukingo wa nje, kwa sababu uchungu unaondoka kuanzia juu kwenda ndani, na ukingo utakudanganya. Kata kipande kinachogusa kokwa, chukua kutoka kwenye tunda kubwa kuliko yote, tafuna. Ikiwa unasikia uchungu kidogo unaokuja nyuma ya ladha ya mafuta na kutoweka, zimefika. Ikiwa mashavu bado yanajikunja, ongeza siku. Kwa kawaida siku 6 hadi 8 hutosha, na matunda manene yanaweza kuomba zaidi. Usingoje uchungu uishe kabisa. Zeituni isiyo na uchungu hata chembe ni kama karatasi iliyolowa, na nadhani hili ndilo kosa la pili la wanaoanza: wanaosha mpaka ladha nayo inakwenda na maji.

Wengine hutaka kukata njia kwa kuchemsha. Unachopata ni nyama laini inayomeguka kabla uchungu haujatoka. Moto haufanyi kazi ya maji.

Maji matupu hayahifadhi chakula, kwa hiyo hatua ya mwisho ni kuziingiza kwenye maji ya chumvi na siki. Kwa kilo 3 tayarisha lita 2 za maji safi, ukoroge gramu 200 za chumvi hadi iyeyuke yote, kisha tia mililita 250 za siki yenye asidi ya asilimia 5. Kama huna mizani, kabla ya kutia siki dumbukiza yai bichi lililo jipya: likielea na kuonyesha kipande kidogo cha ganda juu ya maji, chumvi imetosha. Likizama, ongeza. Panga zeituni kwenye mitungi ya kioo iliyooshwa kwa maji ya moto, mimina hadi zifunikwe zote, tia limau au majani ya kukoleza ukipenda, funga na weka kwenye friji. Baada ya siku nne tano chumvi imeingia na unaweza kuanza kula. Ikiwa ni kali mno, loweka kiasi unachotaka kula katika maji saa chache kabla.

Zitazame mara kwa mara. Utando mweupe mwembamba juu ya maji mara nyingi ni hamira ya kawaida. Uondoe kwa kijiko na uhakikishe hakuna tunda linaloelea nje. Lakini zeituni zinazoteleza na kumeguka ukizigusa, harufu ya kuoza, au mfuniko uliotuna, hapo hakuna kuonja kwa ajili ya kuhakikisha. Tupa mtungi mzima. Mwaka 1919 huko Marekani watu walikufa kwa sumu ya botulini baada ya kula zeituni nyeusi zilizofungwa kwenye mitungi ya kioo bila joto la kutosha, na sumu hiyo si lazima itoe harufu. Vijidudu vyake hupenda mahali pasipo hewa, pasipo asidi na penye chumvi haba. Ndiyo maana siki na chumvi hapo juu hazipunguzwi kwa kupenda, na ndiyo maana mtungi unakaa kwenye friji wala si kwenye kabati.

Kwa sababu hiyo hiyo, usizitoe kwenye maji ya chumvi na kuzijaza mafuta na vitunguu saumu kwenye mtungi ukae wiki jikoni. Mafuta yanafukuza hewa na hayana asidi ya kuzuia vijidudu hivyo. Toa zeituni za siku hiyo, zikaushe, zikoroge na mafuta na kitunguu saumu kwenye bakuli, na zile zilizobaki mezani zirudi kwenye friji zikaliwe kesho.