Jinsi ya kueleza jibu la kromosomu kwa wenzi waliopoteza mimba mara kwa mara

Mwongozo huu unawalenga madaktari na wakunga wanaowahudumia wenzi waliopoteza mimba mara mbili au zaidi. Nimeuelekeza kwenye jibu moja la maabara ambalo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote kulieleza: kipimo kinachoonyesha badiliko la kromosomu kwa mmoja wao. Majibu mengine mara nyingi huja pamoja na dawa ya kuandika, hivyo mazungumzo hupata pa kuelekea, lakini jibu hili humtaja mtu.

Hatua ya 1: Chukua historia bila kutafuta mshtakiwa

Kwa kila mimba, andika umri wake kwa mujibu wa ultrasaundi, kama mapigo ya moyo yaliwahi kuonekana, na kama tishu zilipelekwa maabara. Maswali kuhusu uvutaji sigara, pombe na uzito yanahitajika, ila yaulizwe kwa wote wawili, yaje mwishoni, na sababu ya kuuliza isemwe kwanza. Ukianza kwa kumuuliza mwanamke alikuwa akifanya nini siku damu ilipoanza kutoka, ameshasikia hukumu kabla hujapima chochote. Yeye akiuliza kama tendo la ndoa au kazi za kawaida za nyumbani ndizo zilizoharibu mimba, jibu moja kwa moja kwamba hapana, na mwenzi wake awepo ili alisikie jibu hilo.

Waite kwa majina yao. “Mama” ni neno la heshima, lakini ndani ya chumba hiki linaweza kuumiza, kwa hiyo heri uulize kwanza.

Hatua ya 2: Agiza vipimo vichache na ueleze kila kimoja kinatafuta nini

Vipimo vya msingi ni kingamwili za antifosfolipidi, utendaji wa tezi ya thairoidi, na ultrasaundi ya kuangalia umbo la mji wa mimba, ikiwezekana ya pande tatu. Kingamwili zisipimwe mara tu baada ya mimba kuharibika; subiri takriban wiki 6, na zikionekana zirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kwa muda. Waambie hayo mapema, la sivyo jibu la kwanza litachukuliwa kuwa la mwisho.

Tishu za mimba iliyoharibika zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa takriban nusu ya mimba zinazoharibika mapema huwa na hitilafu ya kromosomu. Kama maabara itaotesha seli, tishu ziwekwe kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, kamwe si kwenye formalini, maana formalini huziua seli hizo. Jambo la kuangalia ni jibu linalosomeka 46,XX: huenda seli zilizopimwa zilikuwa za mwanamke mwenyewe, na ni vyema kuiuliza maabara kama ilizitenganisha.

Hatua ya 3: Afikianeni kabla damu haijatolewa

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua jinsi jibu litakavyopokewa. Tishu zikionyesha sehemu ya kromosomu iliyozidi au kupungua, wenzi wote wawili hupimwa damu. Kabla ya kuwatuma maabara, mimi huwaambia hivi: “Kipimo hiki kinaweza kuonyesha badiliko kwa mmoja wenu. Likionekana, mtu huyo amezaliwa nalo. Je, mngependa kulisikia mkiwa pamoja, au kila mmoja aambiwe lake kwanza?” Kisha nawaacha wafikiri, hata kama watahitaji kurudi siku nyingine. Swali hilo huwapa nafasi ya kukisema wenyewe kile wanachokiogopa, na huwajulisha kwamba jibu la namna hiyo linaweza kutokea hata kwa mtu mwenye afya njema.

Hatua ya 4: Toa jibu

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mwanamke ana miaka 31, mwanamume 34, na mimba tatu zimeharibika katika wiki ya 7, ya 9 na ya 8. Thairoidi, kingamwili na mji wa mimba havina shida. Tishu za mimba ya tatu zimeonyesha kipande cha ziada cha kromosomu ya 4, huku ncha ya kromosomu ya 12 ikikosekana. Damu ya mwanamke ni ya kawaida; ya mwanamume inasomeka 46,XY,t(4;12)(q25;p13). Maana yake ni kwamba vipande vya kromosomu hizo mbili vimebadilishana mahali, bila kitu kuonekana kupungua wala kuzidi.

Jibu litangulie, maelezo yafuate: “Tumepata kinachoeleza mimba ya tatu. Baba yake alizaliwa na kromosomu mbili zilizobadilishana vipande.” Baada ya hapo nyamaza. Wakiwa tayari, waeleze kwa mfano wa vitabu viwili vilivyobadilishana kurasa: mwenye vyote viwili hakosi ukurasa wowote, ndiyo maana yeye ni mzima, lakini kila mbegu ya uzazi hubeba nusu tu ya maktaba, na inaweza kupata kitabu kimoja kilichobadilika bila mwenzake. Mbegu nyingine hubeba kromosomu za kawaida, na nyingine hubeba zote mbili zilizobadilishana, hivyo mtoto akawa mzima kama baba yake.

Mwanamume akisema, “Kumbe ni mimi niliyewaua,” usikimbilie kumwambia asijilaumu. Mpe ukweli anaoweza kuushika: badiliko hilo lilikuwapo kabla hajazaliwa, hakuna alichokula wala kukifanya kilicholileta, na hakuna awezaye kuchagua mbegu ipi itangulie. Mtazame pia mwanamke. Pengine miaka yote hiyo amekuwa akijishuku mwenyewe, na sasa amepata nafuu anayoionea haya. Unaweza kusema kwamba nafuu hiyo inaeleweka na haimgeuzi kuwa mshitaki wa mwenzake.

Usivuke mpaka wa ushahidi. Kipimo kimeeleza mimba ya tatu. Mbili za mwanzo hazikupimwa, na ingawa huenda chanzo ni hicho hicho, hatuwezi kuapa. Wenzi hukubali mpaka huu kwa urahisi kuliko sisi tunavyoogopa.

Hatua ya 5: Wawekee njia zilizopo

Wengi wenye badiliko la aina hii hatimaye hupata mtoto mwenye afya kwa kushika mimba kwa njia ya kawaida, ingawa wanaweza kupoteza nyingine kabla ya hapo. Njia ya pili ni kutungisha mimba maabara na kupima viinitete kabla ya kupandikiza. Njia hiyo hupunguza uwezekano wa mimba kuharibika, lakini haijathibitika kwamba huongeza idadi ya wanaopata mtoto, na wanapaswa kulisikia hili kabla ya kulipia. Mbegu za mfadhili ni njia ya tatu. Itaje bila kuisukuma, kwa kuwa ikitajwa haraka mno mwanamume huisikia kama kuondolewa.

Wapelekwe kwa mtaalamu wa jenetiki. Ndugu za mwanamume wanaweza kuwa na badiliko hilo hilo, na uamuzi wa kuwaambia ni wake. Barua ya rufaa iandikwe kwa majina ya wote wawili, ikitumia maneno yale yale waliyoyasikia kwako, kisha uwape nakala.

Mimba nyingine ikitungwa, wapangie ultrasaundi ya mapema, na uwaeleze kwamba kromosomu za kijusi zinaweza kupimwa kwa sampuli ya kondo la nyuma kuanzia wiki ya 11, au kwa maji ya mfuko wa uzazi kuanzia wiki ya 15. Vipimo vyote viwili vina hatari ndogo ya mimba kutoka, kwa hiyo kukataa kupimwa nako kuandikwe kwenye faili kama uamuzi uliofikiriwa.