Jinsi ya kuomba bodi iidhinishe hati ya ukaguzi wa ndani

Idara mpya ya ukaguzi wa ndani isikague chochote kabla hati yake ya mamlaka haijapitishwa na bodi. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani, vilivyoanza kutumika Januari 9, 2025, vinamtaka mkuu wa ukaguzi aiandae, aijadili na bodi na menejimenti, kisha bodi iidhinishe.

Chukua mfano wa kampuni ya usambazaji katika Eneo la Viwanda, Nairobi, yenye wafanyakazi 200 na wakurugenzi 5, bila kamati ya ukaguzi. Hapo bodi nzima ndiyo inayoombwa idhini.

Anza na rasimu ya kurasa 3 au 4. Andika madhumuni ya idara, ahadi ya kufuata viwango, mamlaka na upeo wa kazi, kisha nani anaripotiwa. Hapo kwenye kuripoti ndipo rasimu nyingi huharibika. Mkurugenzi wa fedha hupenda kuandikwa kuwa msimamizi wa idara, kwa kuwa ndiye anayelipia bajeti yake. Ukikubali, siku utakapokuta malipo yasiyo na stakabadhi, ripoti itapita kwanza mezani pa yule aliyeidhinisha malipo hayo. Andika hivi:

“Mkuu wa ukaguzi ataripoti kwa bodi kuhusu kazi, na kwa mkurugenzi mkuu kuhusu utawala wa kila siku. Bodi ndiyo itakayoidhinisha kuajiriwa na kuondolewa kwake, mpango wa ukaguzi na bajeti.”

Kipengele cha pili cha kulindwa ni ruhusa ya kuona kumbukumbu. “Ushirikiano wa idara zote” ni maneno matupu. Taja mishahara, stoo, mikataba na mifumo ya kompyuta. Idara ya wafanyakazi inaweza kukunyima orodha ya mishahara kwa kutaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo ongeza kwamba wakaguzi watatunza siri na kutumia taarifa hizo kwa ukaguzi tu.

Mpelekee mkurugenzi mkuu na wakuu wa idara rasimu, wajibu kwa maandishi. Pingamizi lisilotatuliwa lipeleke kwa bodi lilivyo, usilifiche. Kisha mwombe katibu wa kampuni aiweke kwenye ajenda kama jambo la kuamuliwa. Ikiingia kama taarifa tu, wakurugenzi wataisikiliza na kuendelea, nawe utatoka bila azimio.

Baada ya kikao, soma kumbukumbu zake. “Bodi iliipokea hati” haitoshi. Ziseme “iliidhinisha”, pamoja na tarehe. Hapo ndipo mwenyekiti atie saini na nakala zisambazwe kwa wakuu wa idara.

Mkuu wa ukaguzi akiwa ametolewa idara ya fedha, bodi iambiwe mapema: kazi aliyoisimamia ndani ya miezi 12 iliyopita asiikague mwenyewe. Kwa kampuni kama hii, njia rahisi ni kuajiri mkaguzi wa nje ya kampuni kwa kazi hiyo moja.