Mteja akisema milango yako inakwama: namna ninavyomjibu

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Iringa mjini, na paini ninayotumia naifuata Mafinga. Wiki iliyopita kijana wangu wa kazi alitaka kumjibu mteja vibaya, ndiyo maana naandika.

Mfano wangu ni huu: milango 6 tuliifunga Septemba, nyumba moja ya Kihesa. Januari mama mwenye nyumba akaandika: "Fundi, tangu mvua zianze milango miwili, wa jiko na wa bafu, haifungiki. Umeniuzia mbao mbichi."

1. Jibu siku hiyohiyo, kwa maandishi

Sauti ya kurekodi siitaki kabisa kwenye malalamiko. Hasira husikika hata ukijibana, na baadaye hakuna anayekumbuka uliahidi nini. Nilituma hivi:

"Shikamoo mama. Nimekuelewa: mlango wa jiko na wa bafu haifungiki tangu mvua zianze. Pole sana kwa usumbufu. Chanzo bado sijakijua. Kesho saa 4 asubuhi nitafika niipime mbele yako, na kabla ya jioni nitakuandikia nilichokiona."

Angalia nimesema pole, sijasema samahani. Pole ni ya adha anayoipata, na hiyo ipo hata kosa liwe la nani. Samahani naiweka mpaka nijue nimekosa wapi. Ukiitoa mapema umeshakubali mbao ni mbichi. Ukiinyima kabisa baada ya kupima, umekuwa jeuri. Na baada ya pole usiweke "lakini".

2. Kapime

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza mteja. Miaka ya nyuma mwingine alinilalamikia vilevile, nikamjibu palepale: "Mbao mbichi husinyaa, hazivimbi." Ni kweli. Mlango wa mbao mbichi ukikaukia ukutani hupungua upana, paneli zikaanza kucheza na viungo vikaachia. Nilikuwa na haki, hakunipigia tena, na mpaka leo sijui ile milango ilikwamia nini.

Kwa hiyo nenda na futi, pimamaji na kioo kidogo. Mwombe mwenyewe akuonyeshe mlango unavyokwama, usianze kuufunga wewe. Kisha tazama unasugua wapi. Ukisugua kona ya juu tu, upande wa kitasa, kagua kwanza skrubu za bawaba ya juu, mara nyingi zimelegea. Kona moja ikibaki nje ya fremu wakati nyingine zimekaa, mlango umejipinda, na hapo shaka ya mbao kutokauka vizuri ina uzito. Ukisugua ubavu mzima kuanzia juu hadi chini, umevimba. Mbao huvimba kwa upana, kukata nyuzi zake, kwa urefu karibu haibadiliki, ndiyo maana mlango huongezeka upana na si kimo. Pimamaji ni ya fremu: fremu ikiwa imelala upande, kuranda mlango ni kupoteza mbao bure.

Pima pia milango isiyolalamikiwa. Mama alishika futi upande wa pili. Milango 4 ilikuwa na nafasi ya milimita 3 kama nilivyoiacha, ile miwili haikuwa na nafasi hata ya karatasi, na fremu zote zilisimama sawa. Mbao ni za mzigo mmoja, basi tofauti iko kwingine.

Nikapitisha kioo chini ya mlango wa bafu. Ukingo wa chini ulikuwa mweupe, hauna vanishi. Nikakumbuka: fundi marumaru aliinua sakafu ya jiko na bafu, sisi tukakata chini ya milango hiyo siku ya kuifunga, na hatukupaka tena. Maji ya kudeki yalinyonywa hapo, na mvuke wa bafuni ukaongezea. Nikampa mama kioo ajionee.

Kishawishi ni kumtaja fundi marumaru. Usimtaje. Aliyekata akaacha bila vanishi ni mimi.

3. Andika pendekezo

"Mama, milango miwili imevimba kwa sababu tulikata chini hatukupaka vanishi. Hilo ni kosa letu, samahani. Jumamosi tutaitoa, ikauke karakanani wiki 2, tuirande kidogo na kupaka kingo zote. Gharama ni yetu. Bafu tutaliwekea mlango wa muda. Ukipenda tunaweza kuiranda leo ikafungika, ila kiangazi itabaki na mwanya mpana."

Suala la mbao mbichi sikulirudia, kioo kilishalijibu. Ila njia ya haraka, ya kuranda leo, itaje pamoja na ubaya wake, maana wengine wana wageni wikiendi. Usiahidi kwamba hautavimba tena. Sema nafasi itabaki milimita 2 hadi 3 mvua zikiwepo.

Yeye alichagua wiki 2.

4. Rudisha

Funga, mpe kioo tena.