Somo: Tangazo la korosho linalofanana na video ya mteja

Wauzaji wengi wa korosho hapa Mtwara wakipata hela ya tangazo hukimbilia droni juu ya Mikindani, nembo inayozunguka na sauti nzito ya mtangazaji. Video inapendeza, ila anayeperuzi video za rafiki zake anajua papo hapo kuwa hili ni tangazo, analipita. Ya mtindo wa mteja humsimamisha kwa sababu haitofautiani na alichokuwa akitazama.

Hatua ya 1. Chagua shaka moja. Anayeagiza kutoka Dar anaogopa kuletewa korosho zilizolainika. Video nzima ijibu hilo tu.

Hatua ya 2. Tafuta mtu aliyenunua kweli. Usimwandikie maneno, muulize: ulikuwa na wasiwasi gani? Ulipofungua ulikuta nini? Akikariri, utamsikia anasema "bidhaa bora", maneno ambayo hakuna anayeyatumia jikoni kwake.

Hatua ya 3. Simu wima, uso uelekee dirishani, feni izimwe. Salamu na jina la duka visubiri. Aanze mkono ukichana pakiti: "Niliambiwa za kuagiza zinakuja zimelainika. Haya, sikia." Anatafuna, *kra!* Mlio huo ndio ushahidi wako, usiufunike na muziki. Kisha amwage kwenye sahani, na vipande vilivyovunjika viwili vitatu viachwe vionekane. Mtengeneza matangazo angeviondoa, na hapo ndipo mtazamaji angeanza kushuka imani. Namba ya kuagiza ije mwisho. Sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Maandishi yasikae chini kabisa wala ukingo wa kulia, vitufe vya programu vitayafunika.

Hatua ya 4. Rekodi mianzo mitatu, sehemu iliyobaki iwe ileile. Tuseme kila video imeonyeshwa mara 1,000: ya kwanza watu 120 wamevuka sekunde ya tatu, ya pili 310, ya tatu haijafika hapo. Baki na ya pili. Wakivuka wengi lakini hakuna anayeuliza bei, mwanzo hauna shida. Kagua ushahidi na namba ya kuagiza.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sina mteja wa kurekodi. Mdogo wangu ajifanye mteja?* (Masasi)
Hapana dada, huo ni udanganyifu. Ongea wewe mwenyewe kama muuzaji, kwa mtindo huohuo. Na mteja uliyemlipa au kumpa pakiti bure, washa alama ya ushirikiano wa kulipwa.

*Niweke Bongo Fleva inayotamba?* (Lindi)
Kwenye tangazo usiweke bila kibali cha wenye wimbo. TikTok ina maktaba ya muziki ulioruhusiwa kibiashara, chukua humo.

*Kwa hiyo nirekodi vibaya makusudi?*
Picha ikitikisika kidogo watu wanavumilia. Sauti isiyosikika hawavumilii.

*Ile ya droni niliyokwisha kuilipia niitupe?*
Usiitupe, kaka. Mtumie mnunuzi wa jumla au meneja wa hoteli. Huyo anataka kuona ghala na mashine zako, na ataitazama yote kwa sababu ameiomba.