Somo: Jinsi ya kupima kama azimio la Baraza Kuu limechangia kuunda sheria

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa si bunge. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinalipa uwezo wa kujadili na kupendekeza, na pendekezo halimfungi mtu. Hata hivyo, mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni yake kuhusu visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, ambavyo Uingereza ilivitenga kutoka koloni lake la Morisi, ilitegemea sana azimio la mwaka 1960. Tutalipima hilo kwa kulilinganisha na jingine lililopitishwa chini ya mwaka mmoja baadaye, ambalo halikufika huko.

Hatua ya 1: Soma maneno yenyewe. Azimio 1514 la Desemba 14, 1960 linatamka kwamba watu wote wana haki ya kujiamulia mambo yao. Aya yake ya 6 inasema kuimegua nchi kunapingana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Hiyo ni lugha ya kutangaza haki, tofauti na azimio linaloziomba nchi "zifikirie" jambo.

Ila usiishie hapo. Azimio 1653 la Novemba 24, 1961 lilitumia maneno makali zaidi: lilitamka kwamba nchi itakayotumia silaha za nyuklia itakuwa imevunja Mkataba huo na kutenda uhalifu dhidi ya binadamu. Kwa maneno peke yake, lingeshinda.

Hatua ya 2: Tazama kura, kisha waliopiga. Azimio 1514 lilipata kura 89 za ndiyo, hakuna ya hapana, na nchi 9 zilijizuia. Azimio 1653 lilipata 55 za ndiyo, 20 za hapana, na 26 zilijizuia. Marekani, Uingereza na Ufaransa, zenye silaha hizo, zilipinga. Wingi wa kura hautoshi ikiwa wenye kuguswa moja kwa moja wanalikataa jambo waziwazi. Soma pia maelezo ambayo wajumbe hutoa baada ya kupiga kura, kwa sababu humo ndimo nchi husema kama inakubali kanuni au inaunga mkono siasa tu.

Hatua ya 3: Tafuta matendo. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Huona azimio likirudiwa kila mwaka, wakadhani marudio ni sheria. Sheria ya kimila ya kimataifa inahitaji vitu viwili: nchi zitende hivyo kwa ujumla, na zitende kwa kuamini kwamba sheria inazitaka. Baada ya azimio 1514, makoloni 28 yalipata uhuru katika miaka ya 1960. Mikataba miwili ya haki za binadamu ya mwaka 1966 iliweka haki hiyohiyo kwenye kifungu cha 1. Kwa upande wa nyuklia, nchi kadhaa ziliendelea kujilinda kwa kutishia kuzitumia. Ndiyo maana mwaka 1996 Mahakama ilisema mfululizo wa maazimio hayo unaonyesha wasiwasi mkubwa, lakini haujathibitisha kuwapo kwa katazo la kisheria.

Hatua ya 4: Uliza sheria ilikuwapo lini. Uingereza iliitenga Chagos kutoka Morisi mwaka 1965, na Morisi ikapata uhuru mwaka 1968. Kanuni iliyokomaa mwaka 1970 isingeisaidia. Mahakama iliona kwamba azimio 1514 lilitangaza haki ambayo tayari ilikuwa sheria ya kimila katika kipindi hicho. Kwa hiyo, kwa kura 13 dhidi ya 1, ilisema uondoaji wa ukoloni Morisi haukukamilishwa kihalali.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, Uingereza ilijizuia mwaka 1960. Inafungwaje?*

Kujizuia si kupinga. Nchi inayotaka kubaki nje ya kanuni ya kimila lazima iipinge waziwazi na bila kukoma wakati kanuni inaundwa. Mahakama iligundua kwamba hakuna nchi iliyoshiriki kura ile iliyokana kuwapo kwa haki yenyewe; baadhi ya zilizojizuia zililalamikia muda wa utekelezaji.

*Lakini maoni ya Mahakama nayo ni ushauri tu. Si tunajenga juu ya hewa?*

Maoni hayatekelezwi kama hukumu, ni kweli. Ila yanaeleza sheria iliyopo, na sheria hiyo ndiyo inayofunga. Januari 2021, jopo maalumu la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, katika shauri la mpaka wa baharini kati ya Morisi na Maldivi, lilikubali kwamba uamuzi uliomo katika maoni yale una athari ya kisheria, likaendelea na kesi kwa msingi huo.

*Je, kila tamko lazima lipitie sheria ya kimila?*

Hapana, ndugu. Mengine huwa rasimu ya mkataba. Tamko la mwaka 1963 kuhusu shughuli za anga za juu lilipita bila kupingwa, na kanuni zake nyingi zikaingizwa katika Mkataba wa Anga za Juu wa 1967. Kwa njia hiyo, nchi inafungwa kwa kuridhia mkataba.